Kioo ni 2880 x 1800 lakini maandishi kama sisimizi, nikiyakuza yanaingia ukungu. Nifanyeje?

MhasibuTabata, Jumatatu saa 2:10 usiku

Wakuu habari za jioni. Naomba msaada kabla sijairudisha hii mashine Kariakoo.

Nimebadilisha laptopu. Ya zamani ilikuwa inchi 14, kioo cha 1366 x 768, nimekaa nayo miaka saba na macho yalishaizoea. Mpya nayo ni inchi 14 lakini kioo chake ni 2880 x 1800, Windows 11, imetumika kidogo huko ilikotoka. Muuzaji alikisifia kioo mpaka nikaona aibu kupunguza bei.

Nilipoiwasha nyumbani, maandishi madogo kama sisimizi. Mdogo wangu akaingia Settings, akashusha rezolusheni hadi 1440 x 900. Kweli maandishi yakakua, ila yamefifia pembeni, kama unasoma kibao cha duka kupitia dirisha la daladala siku ya mvua. Ile ya zamani ya bei ya kutupa ilikuwa safi kuliko hii. Sasa nimelipia nini?

Nina miaka 46 na miwani ya kusomea. Nashinda kwenye Excel na kwenye programu moja ya uhasibu ambayo ofisi yetu inaing'ang'ania tangu enzi za Windows XP. Ofisini nachomeka monita ya inchi 24 ya 1920 x 1080. Mwenye kujua aniambie taratibu, mimi ni mtu wa hesabu, sio fundi.

---

DogoSinza, saa 2:19 usiku

Rahisi sana hiyo mama. Rudisha rezolusheni ya kwanza, kisha Settings > System > Display > Scale, fungua Custom scaling andika 180. Imeisha hiyo.

---

TichaKigamboni, saa 2:31 usiku

Dada pole, hata mimi yalinikuta. Dawa niliyotumia ni kuandika kila kitu Word kwa saizi 16 badala ya 12, nikawa naona vizuri kabisa. Shida ikaja kwenye kuchapa. Mtihani wa kidato cha pili wa kurasa nne ukatoka kurasa saba, na mwenye steshenari akanidai hela ya kurasa saba mara wanafunzi wote. Kwa hiyo ukichapa kumbuka kurudisha 12.

---

BwanaNukta, saa 3:02 usiku

Mwalimu, hapo uliikuza karatasi yenyewe. Ungesogeza tu kile kitelezi cha zuumu kilicho chini kulia kwenye Word, mtihani ungebaki kurasa nne. Lakini mleta uzi anazungumzia kompyuta nzima: menyu, aikoni, majina ya mafaili, kila kitu.

Dada Mhasibu, usiirudishe. Kioo hakina kosa, ila kimeshushiwa kitu ambacho hakikupaswa kuguswa. Nitaeleza kwa hesabu kwa kuwa umesema ni mtu wa hesabu.

Kioo chako kina nukta 2880 kwa upana na 1800 kwa kwenda chini. Hizo zimejengwa kiwandani, haziongezeki wala hazipungui. Zidisha, ni nukta 5,184,000. Mdogo wako alipoweka 1440 x 900 aliiambia Windows ichore picha ya nukta 1,296,000, yaani robo. Baada ya hapo picha hiyo ndogo inavutwa ijaze kioo kizima. Kuvuta kwenyewe ni kukisia: pale ambapo mstari mweusi unakutana na karatasi nyeupe, kunawekwa kijivu cha katikati. Kijivu hicho ndio ukungu wako.

Chukua herufi moja uone. Maandishi ya kawaida ya menyu za Windows ni pointi 9, na kwenye asilimia 100 hayo ni pikseli 12. Kiwiliwili cha herufi "a" peke yake kinapata kama pikseli 6 kwenda juu. Kwa njia ya mdogo wako, "a" inachorwa kwa safu 6, kisha zinavutwa ziwe 12. Ukiacha rezolusheni palepale 2880 x 1800 na kuweka Scale 200%, "a" inachorwa upya tangu mwanzo kwa safu 12 halisi. Ukubwa machoni ni uleule, ila ya pili ina nukta mara nne za kuchorea mkunjo wa herufi. Hapo ndipo hela yako ilipo.

Kwa hiyo rezolusheni iache kwenye ile iliyoandikwa Recommended, na usiiguse tena. Ukubwa wa vitu unatafutwa kwenye Scale, mstari uliopo juu yake.

Sasa asilimia ngapi? Linganisha na jicho lako lilichozoea. Laptopu ya zamani, inchi 14 na 1366 x 768, ilikuwa na nukta kama 112 kwa kila inchi. Hii mpya ina kama 243. Gawanya 243 kwa 112 unapata 2.17. Maana yake ukitaka herufi ziwe na urefu uleule wa zamani unahitaji kama 217%. Orodha ina 200 na 225. Anza na 200, kaa nayo siku mbili ndipo ulalamike.

DogoSinza, njia yako inafanya kazi kwa mwenye kioo kimoja. Yeye ana viwili. Custom scaling inabandika namba moja kwa vioo vyote, kwa hiyo hiyo 180 ingeenda mpaka kwenye monita ya ofisini ambayo inataka 100. Tena inakulazimisha utoke na kuingia upya kila ukibadilisha. Ile orodha ya kawaida inakubali kila kioo kiwe na namba yake.

---

DogoSinza, saa 3:10 usiku

Hapo kwenye vioo viwili sikupaona mkuu, nakubali. Ila swali: 1440 ni nusu kamili ya 2880. Si kila nukta ingegeuka nukta nne tu, bila kukisia kitu?

---

BwanaNukta, saa 3:24 usiku

Swali zuri. Ingewezekana, na baadhi ya kadi za picha zina mpangilio wa namna hiyo kwenye programu zake. Lakini usipouwasha mwenyewe, kadi nyingi zinachanganya rangi hata kama ni nusu kamili. Na hata ukiuwasha, "a" itabaki na safu zake 6, ila kila safu imekuwa nene maradufu. Ukungu utaondoka, utaletewa ngazi. Mkunjo wa "s" utauona kama matofali.

---

MhasibuTabata, Jumanne saa 1:40 usiku

Bwana Nukta Mungu akubariki. Nimerudisha 2880 x 1800, nikaweka 200%. Wakuu, sikujua kwamba herufi zina ncha! Excel kama imechapwa kwenye karatasi. Mdogo wangu amenyamaza kimya.

Nilijaribu pia 225% kwa tamaa. Excel ilipendeza, lakini ile programu ya uhasibu ikanitega. Dirisha la kuingiza vocha lina kitufe cha kuhifadhi kule chini kabisa, na kwenye 225% kitufe kilizama nyuma ya ule mstari wa chini wa Windows. Dirisha halivutiki wala halina pa kushukia. Niliandika vocha nzima nikakosa pa kuihifadhi. Nikarudi 200%, kitufe kikaonekana.

Lakini sasa hiyohiyo programu ndiyo yenye shida. Ukubwa wake ni mzuri ila ukungu ni uleule wa jana. Excel pembeni inang'aa, yenyewe imefifia. Namba 3, 6 na 8 nazikisia. Kwa mhasibu hiyo ni hatari.

---

DogoSinza, saa 1:52 usiku

Hiyo sasa ni ClearType, ule mpangilio wa Windows wa kulainisha maandishi. Bonyeza kitufe cha Windows, andika hivi:

```
cttune
```

Unachagua maandishi unayoyaona vizuri kwenye kurasa tano hivi, unamaliza. Ofisini kwetu kila mashine lazima nipitishe hiyo.

---

FundiMakumbusho, saa 2:15 usiku

Dogo, nakubaliana nawe nusu. ClearType inasaidia kwenye monita kama ile yake ya inchi 24, ambayo ina nukta 92 tu kwa inchi, hapo utaona tofauti kubwa. Kwenye 243 tofauti ni ndogo mno. Halafu jiulize: kama ni ClearType, mbona Excel iko safi kwenye kioo hichohicho?

---

BwanaNukta, saa 2:47 usiku

Fundi kanipunguzia maneno.

Dada, kilichokukuta kwenye 225% na huu ukungu vina mzizi mmoja. Programu yako iliandikwa wakati kila kioo kilichukuliwa kuwa na nukta 96 kwa inchi. Haijui habari ya asilimia 200. Windows inaifichia ukweli: inaiambia "kioo chako ni 1440 x 900", programu inajichora humo kwa raha zake, kisha Windows inaichukua ile picha na kuivuta mara mbili. Kwa hiyo kile alichofanya mdogo wako kwa kompyuta nzima, Windows inakifanya kwa dirisha hilo moja tu.

Na kitufe? Kwenye 225% programu inaambiwa kioo ni 1280 x 800. Mstari wa chini unakula 48, zinabaki 752. Nahisi dirisha lako la vocha lilipangwa kwa vioo vya 1024 x 768 vya enzi hizo, yaani linataka 768. Limezidi kwa nukta 16, ndipo kitufe kilipozama. Kwenye 200% zinabaki 852, linakaa. Ndiyo maana nilikuambia uanze na 200, ingawa kitufe chako sikukijua.

Kabla ya kurekebisha, hakikisha kwanza kwamba ni hilo. Fungua Task Manager, nenda Details, bonyeza kulia juu ya majina ya safu, chagua Select columns, weka tiki kwenye DPI Awareness. Tafuta jina la programu yako kwenye orodha. Ikiandikwa Unaware, ndiyo inayovutwa. Ikiandikwa Per-Monitor, ugonjwa ni mwingine na tutaongea upya.

Ikiwa ni Unaware, ifunge kabisa. Bonyeza kulia aikoni yake, Properties, kichupo cha Compatibility, Change high DPI settings. Chini kabisa weka tiki kwenye Override high DPI scaling behavior. Utapewa machaguo matatu:

Application ni kuiachia programu ijichore yenyewe bila kuvutwa. Itakuwa kali kama wembe, ila kwa kuwa haijui kukua itarudi kuwa sisimizi.

System ndiyo hali uliyonayo sasa, kuvutwa na ukungu.

System (Enhanced) ni ujanja wa kati. Windows inapokea amri za kuchora maandishi kutoka kwa programu na kuzitekeleza upya kwa ukubwa wa kweli, badala ya kusubiri picha iliyokwisha kuchorwa. Maandishi yanakuwa makali na makubwa. Picha na nembo zitabaki na ukungu kwa sababu zenyewe ni picha tangu mwanzo. Ujanja huu unafaa kwa programu zinazochora kwa njia ile kongwe ya Windows inayoitwa GDI, na za umri wa yako nyingi ndizo hizo. Isipobadilika chochote, basi inachora kwa njia nyingine na mlango huo umefungwa.

Jaribu Enhanced utupe mrejesho.

---

PengwiniMweusi, saa 3:05 usiku

Naomba nidandie, maana shida yangu ni ndugu ya hii. Mimi niko Ubuntu, GNOME, kioo cha inchi 13.3 cha 2560 x 1600. Asilimia 100 ni ndogo, 200 ni kubwa kama bango la uchaguzi. Nikiweka 150, programu kadhaa za zamani zinaingia ukungu. Niliishia kuacha kioo kwenye 100 na kukuza maandishi tu:

```
gsettings set org.gnome.desktop.interface text-scaling-factor 1.4
```

Maandishi makali kila mahali, hakuna kinachovutwa. Ila aikoni na vile vitufe vya kufungia dirisha vimebaki vidogo. Huko Windows hakuna kitu cha hivi?

---

BwanaNukta, saa 3:18 usiku

Kipo: Settings > Accessibility > Text size, kitelezi kinaanzia 100% hadi 225%. Kinakuza maandishi tu na kuacha vingine, kama chako. Ila si kila programu inakitii. Menyu za Windows na programu mpya zinakitii, programu kongwe nyingi hazijali, na seli za Excel hazibadiliki. Ndiyo maana kwa huyu dada sikuanzia hapo.

Kwako wewe, ukungu kwenye 150 ni wa zile programu zinazopitia Xwayland. Zenyewe zinachorwa kwa namba nzima kisha zinarekebishwa kufika 150. Za Wayland yenyewe zinatoka safi. Hiyo 1.4 yako mimi naona ni njia nzuri, nimeitumia sana.

---

MhasibuTabata, Jumatano saa 2:05 usiku

Ripoti. Task Manager imeandika Unaware, kama ulivyosema.

Nilianza na Application kwa ukaidi. Nilicheka peke yangu. Dirisha la vocha lilikuwa dogo kama stempu ya posta katikati ya kioo, lakini kali ajabu, ningekuwa na lenzi ya sonara ningelitumia.

Kisha System (Enhanced). Hapo ndipo penyewe. Namba zote zinasomeka, 3 ni 3 na 8 ni 8. Nembo ya kampuni juu kushoto bado ina ukungu, haina kazi, iache. Kasoro moja: kwenye jedwali la wadaiwa, kichwa cha safu "Salio la mwanzo" kinaishia "Salio la mwan". Nikiitanua safu kwa mausi inakaa, nikifunga programu na kufungua inarudi vilevile.

---

BwanaNukta, saa 2:30 usiku

Hiyo safu sina dawa yake. Upana wake programu iliukokotoa kwa herufi za ukubwa ule wa kale, na herufi zilizochorwa upya hazilingani nao kwa nywele. Kama hazikatwi namba zenyewe, ishi nayo. Kagua tu safu za kiasi, hasa za mamilioni, uone hakuna tarakimu inayomezwa upande wa kushoto.

---

MhasibuTabata, saa 2:41 usiku

Nimekagua mpaka bilioni ya uongo niliyoitunga. Ziko nzima.

---

BintiUkonga, saa 2:58 usiku

Samahanini, mnaonaje kubadilisha aina ya fonti yenyewe? Ile ya Windows 11 kwangu ni nyembamba mno. Windows 7 ilikuwa na dirisha la kuchagua fonti ya menyu, siku hizi silioni.

---

FundiMakumbusho, saa 3:30 usiku

Hulioni kwa sababu liliondolewa tangu Windows 8. Siku hizi watu wanapitia rejista, ile hazina ya mipangilio ya ndani ya Windows. Nitakuonyesha, ila kwanza nikupe kisa.

Mteja mmoja, mzee wangu wa mtaani, aliniomba hilohilo. Nikamwekea Verdana kwa kuwa ilichorwa kwa ajili ya kioo tangu miaka ya 1990 na macho yake yaliipenda. Siku ya pili akanirudishia mashine amekasirika. Verdana ni pana. Vitufe vilivyopimwa kwa Segoe UI, fonti ya kawaida ya Windows, vilikuwa vinakata maneno, na akashindwa kutofautisha vitufe viwili vilivyoanza na herufi zilezile. Akafuta folda ya picha za harusi ya bintiye. Tuliziokota kwenye Recycle Bin, jasho limenitoka.

Kama bado unataka, tengeneza kwanza restore point. Halafu andika hivi kwenye Notepad, uhifadhi kwa jina linaloishia na .reg, ubonyeze mara mbili na uwashe upya:

```
Windows Registry Editor Version 5.00

[HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Fonts]
"Segoe UI (TrueType)"=""
"Segoe UI Bold (TrueType)"=""
"Segoe UI Bold Italic (TrueType)"=""
"Segoe UI Italic (TrueType)"=""

[HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\FontSubstitutes]
"Segoe UI"="Tahoma"
```

Nimeweka Tahoma kwa sababu haitanuki kama Verdana. Na faili la kurudisha litengeneze siku hiyohiyo, usisubiri mambo yaharibike:

```
Windows Registry Editor Version 5.00

[HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\Fonts]
"Segoe UI (TrueType)"="segoeui.ttf"
"Segoe UI Bold (TrueType)"="segoeuib.ttf"
"Segoe UI Bold Italic (TrueType)"="segoeuiz.ttf"
"Segoe UI Italic (TrueType)"="segoeuii.ttf"

[HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows NT\CurrentVersion\FontSubstitutes]
"Segoe UI"=-
```

Usitarajie kila kitu kibadilike. Kwenye Windows 11, Start na Settings zinatumia Segoe UI Variable, hilo faili haliigusi. Utapata kompyuta yenye sura mbili, nusu Tahoma nusu ya zamani. Mimi nilishaacha kuwafanyia wateja.

---

BwanaNukta, saa 3:44 usiku

Naunga mkono. Binti, fonti ikionekana nyembamba, mara nyingi ni kwamba asilimia iko chini. Una kioo gani na Scale ngapi?

---

BintiUkonga, saa 3:50 usiku

Inchi 14, OLED, 2880 x 1800 kama ya dada Mhasibu. Niko 150%.

---

BwanaNukta, saa 4:01 usiku

Gawanya 243 kwa 1.5, unapata 162. Yaani herufi zako zina ukubwa unaokaribia ule wa laptopu ya inchi 14 ya Full HD iliyoachwa kwenye 100%. Ni ndogo hizo. Panda 175 kwanza, mwili wa herufi utanenepa wenyewe kabla hujagusa rejista.

---

MhasibuTabata, Alhamisi saa 7:20 mchana

Niko ofisini Posta, naandika haraka. Nimechomeka monita. Laptopu 200%, monita 100%, Excel nikiivuta kutoka hapa kwenda pale inajirekebisha yenyewe, safi. Programu ya uhasibu nayo safi. Lakini kuna ya kutoa stakabadhi, hiyo ndiyo kituko. Nyumbani ilikuwa safi. Leo nimeingia kompyuta ikiwa imechomekwa monita tayari. Kwenye monita iko kali, nikiileta kwenye laptopu inafifia.

---

BwanaNukta, saa 7:48 mchana

Angalia Task Manager, nadhani utakuta imeandikwa System, sio Unaware.

---

MhasibuTabata, saa 7:53 mchana

System kweli. Umeonaje ukiwa hukohuko?

---

BwanaNukta, saa 8:15 mchana

Programu za aina hiyo zinajua asilimia, ila zinauliza mara moja tu. Zinachukua asilimia ya kioo kikuu cha wakati ule ulipoingia kwenye akaunti yako au ulipozifungua, zinashikilia hiyo muda wote zikiwa wazi. Leo umeingia monita ikiwa ndiyo kioo kikuu, kwa hiyo imejichora kwa 100. Ukiileta kwenye laptopu inavutwa mara mbili, ukungu. Nyumbani uliingia kwa laptopu peke yake, ikajichora kwa 200.

Fanya hivi. Kwenye Display bonyeza picha ya kioo cha laptopu, shuka mpaka Multiple displays, weka tiki Make this my main display. Kisha Sign out, uingie tena. Usifunge tu mfuniko na kufungua, hiyo haihesabiki. Sasa programu itachorwa kwa 200, na ukiipeleka kwenye monita itapunguzwa badala ya kuvutwa. Kupunguzwa nako kunapoteza ukali kidogo, lakini macho yanavumilia kuliko kuvutwa.

Au, kama hiyo programu unaitumia ofisini tu na kwenye monita tu, usifanye chochote.

---

MhasibuTabata, saa 8:22 mchana

Naitumia kwenye monita tu. Basi sifanyi chochote, narudi kwenye mafaili yangu, bosi anapita.

---

BintiUkonga, saa 2:35 usiku

Nimepanda 175, unene umekaa vizuri, asante Bwana Nukta. Ila sasa nimeona jambo jingine. Nikisogeza uso karibu sana, herufi nyeusi kwenye karatasi nyeupe zina kiwekundu upande mmoja na kijani upande wa pili. Chembamba sana. Ni macho yangu?

---

DogoSinza, saa 2:40 usiku

ClearType hiyo! Safari hii nimepatia.

---

BwanaNukta, saa 3:06 usiku

Safari hii umepatia, Dogo. ClearType inalainisha herufi kwa kutumia vijinukta vya nyekundu, kijani na bluu vilivyo ndani ya kila nukta, na inachukulia kwamba vimepangwa mstari mmoja kwa mfuatano huo. Vioo vingi vya OLED havijapanga hivyo, basi rangi inachungulia pembeni. Binti, fungua hiyo cttune na kwenye ukurasa wa kwanza uondoe tiki ya Turn on ClearType. Kulainisha kutakuwa kwa kijivu badala ya rangi. Baadhi ya programu zina njia yake na hazitasikia.

---

BintiUkonga, saa 3:29 usiku

Nimeondoa. Rangi imepotea, lakini sasa naona maandishi yamepauka kidogo. Nimewasha tena, nimezima tena. Kaka yangu anasema iliyozimwa ndiyo nzuri, mimi naona iliyowashwa.

---

FundiMakumbusho, saa 3:41 usiku

Hapo hata mimi na mke wangu hatujaelewana mpaka leo, na kioo ni kimoja.

---

PengwiniMweusi, saa 3:47 usiku

Mkikaa sentimita 50 kutoka kwenye kioo bado mnabishana, au mnabishana mkiwa mmekibusu?

---

BintiUkonga, saa 3:55 usiku

Tukikibusu 😂 Nikirudi nyuma siioni. Naiacha imewashwa.